Kiti Namba Saba: Shajara ya Siku 14 Osaka

Siku ya 1

Nimefika Osaka leo asubuhi kwa mafunzo ya kazi ya siku 14, nikiwa na Kijapani nilichojifunza kwa miezi minane na daftari dogo ambalo nimelitengea kazi moja tu. Kila nitakapoelewana vibaya na mtu, iwe kazini, dukani au ndani ya basi, nitaandika usiku huohuo mambo matatu: maneno yaliyotamkwa kama yalivyotamkwa, nilichodhani yanamaanisha, na kile ambacho mwenyewe alikusudia. Mstari wa tatu nitauacha wazi mpaka nimpate mwenyeji wa kunieleza, kwa sababu nikiujaza kwa kubahatisha nitakuwa nimepachika kosa jingine juu ya lile la kwanza. Ninataka kurudi na hadithi za kuchekesha ambazo ningeweza kuzisimulia hata mbele ya watu wa Osaka wenyewe, nao wacheke.

Siku ya 2

Mchana nimeingia katika duka dogo lililo chini ya ofisi, lile la aina inayofunguliwa usiku na mchana, nikachukua chakula cha boksi na chupa ya chai. Neno nililokuwa na uhakika nalo kuliko mengine yote ni "daijobu", ambalo nilifundishwa kuwa maana yake ni "sawa" au "hakuna tatizo". Keshia aliniuliza swali refu, nikakamata neno "fukuro", yaani mfuko, nikajua ananiuliza kama ninataka kuwekewa vitu vyangu mfukoni. Nikamjibu kwa furaha, "Daijobu desu!" Akainamisha kichwa kidogo, akaniuliza jambo jingine, nikajibu vilevile, kisha akauliza la tatu, nikajibu vilevile tena. Niliona mazungumzo yanakwenda vizuri mno.

Nimetoka dukani nikiwa nimekumbatia boksi la chakula kifuani na chupa kwapani. Chakula kilikuwa baridi kama kilivyotoka kwenye friji. Nilipokifungua mezani ofisini nikakuta hakuna kijiko, hakuna uma, wala hakuna vijiti vya kulia. Mistari miwili ya daftari nimeijaza usiku huu, na wa tatu bado uko wazi.

Siku ya 3

Leo nimerudia safari ileile, duka lilelile, maswali matatu yaleyale na jibu lilelile, nami nikatoka tena na boksi baridi mkononi bila kitu cha kulia. Nimeanza kuamini kwamba keshia yule ana jambo lake na mimi. Nimeandika dhana hiyo kama ilivyo kwenye mstari wa pili, kwa sababu nahisi itakuja kuwa na thamani: ukosefu wa vijiti ulikuwa usumbufu tu, lakini usimulizi utahitaji ile imani yangu kwamba ninaonewa na mtu ambaye, kwa kila ishara niliyoiona, alikuwa mpole kupita kiasi.

Siku ya 4

Mwenzangu wa meza ya pili, mzaliwa wa Osaka ambaye ninamwita Senpai kwa sababu ndiye mtangulizi wangu katika kitengo hiki, amenijazia mstari wa tatu. Swali la kwanza la keshia lilikuwa kuhusu mfuko, ambao tangu Julai 2020 sheria ya Japani inayataka maduka yautoze bei badala ya kuutoa bure. La pili lilikuwa kama apashe chakula moto. La tatu lilikuwa kama ninahitaji vijiti. Neno "daijobu" kweli lina maana ya "sawa", lakini mtu anapokuuliza kama unahitaji kitu, ukijibu hivyo atasikia "niko sawa bila hicho". Ningepaswa kusema "onegai shimasu", yaani naomba. Kwa siku mbili, basi, nilikuwa nikivikataa vitu vitatu kwa adabu nzuri kabisa, naye keshia alikuwa akiniheshimu kwa kutonipa.

Nilifurahi kiasi kwamba nikajaribu kuisimulia papo hapo kwa wenzetu watatu wakati wa mapumziko. Nilianza hivi: "Mnajua, neno daijobu lina maana mbili, na mimi nilijua moja tu." Kisha nikaeleza yaliyotokea. Wakatikisa vichwa kwa huruma, pakawa kimya, halafu Senpai akauliza, "Ochi wa?"

"Ochi" ni jina la pale hadithi ya kuchekesha inapoangukia, na neno lenyewe linatokana na kuanguka. Wasimulizi wa rakugo, sanaa ya mtu mmoja anayekaa chini juu ya mto na kuwaigiza wahusika wote kwa sauti na uso, humalizia hadithi zao hapo. Katika eneo hili la Osaka hata watu wa kawaida wakisimuliana mambo ya siku hudaiana ochi. Swali la Senpai halikuwa kejeli. Aliuliza kama mtu anavyouliza chumvi iko wapi. Nimekaa nalo jioni nzima na nadhani nimepata jibu: niliiangusha hadithi katika sentensi ya kwanza. Msikilizaji aliyekwisha kuambiwa kwamba neno lina maana mbili hana tena nafasi ya kukosea pamoja nami. Anapaswa aingie dukani akiwa na maana ile moja niliyokuwa nayo mimi, akubaliane na kila jibu langu, na maana ya pili imfikie boksi likiwa limeshafunguliwa mezani.

Siku ya 5

Leo ilikuwa zamu ya simu. Mzee mmoja wa ghala, aliyeko jengo la pili, amenipigia kunielekeza utaratibu wa kupokea mizigo. Kwa heshima niliyonayo kwa mtu aliyefanya kazi miaka mingi kunizidi, nilinyamaza kabisa ili nisimkatize hata kwa pumzi. Alisema sentensi moja, akatua. Akasema ya pili, akatua tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi. Kisha akasema, "Moshi moshi?"

Hilo nilijua ndilo neno la kuitikia simu, kama "halo". Nikaona pengine ni desturi kusalimiana upya katikati ya mazungumzo, nikamjibu kwa uchangamfu, "Moshi moshi!" Akashusha pumzi, akaanza maelezo yake tangu mwanzo. Nikanyamaza kwa heshima. Sentensi mbili mbele: "Moshi moshi?" Nikajibu, naye akaanza upya tena. Mara ya nne aliomba radhi kwa dhati, akakata simu, na baada ya dakika kumi nikamwona akiingia mlangoni mwetu akitweta, karatasi mkononi, ili anieleze ana kwa ana.

Senpai alinifafanulia kabla hata sijamaliza kumweleza. Msikilizaji wa Kijapani huweka vijisauti kila mara katikati ya maneno ya msemaji: "hai", "ee", "ee ee". Vijisauti hivyo huitwa aizuchi na maana yake ni "nipo, ninakusikia". Ana kwa ana mtu anaweza kutikisa kichwa, lakini kwenye simu sauti ndiyo alama pekee, na isiposikika msemaji hudhani laini imekatika. Ukimya wangu wa heshima ulimfikia yule mzee kama waya uliokufa.

Siku ya 7

Jumapili. Nimepanda basi kutoka stesheni moja ya pembezoni kwenda kijiji kilicho milimani, na jambo hili nitalieleza kwa urefu kwa sababu ndilo bora nililolipata mpaka sasa.

Mabasi ya mjini Osaka nimeyazoea: unaingia mlango wa nyuma na kulipa nauli moja isiyobadilika unaposhuka kwa mlango wa mbele. Hili la leo pia liliingiliwa nyuma, lakini kando ya mlango palikuwa na kijisanduku kinachotoa kikaratasi. Mbele yangu aliingia bibi mmoja mwenye kofia ya kitambaa, akavuta kikaratasi, akaketi. Nami nikavuta changu. Kilikuwa na tarakimu moja tu iliyoonekana vizuri: 7. Nikaelewa mara moja kwamba katika basi hili abiria hupangiwa viti.

Nikahesabu viti kuanzia mbele, upande wa kulia, na cha saba ndicho alichokalia yule bibi. Kwa kuwa sikutaka kumwinua mtu wa umri wake, nikasimama karibu naye na kumwonyesha kikaratasi changu kwa mikono miwili, nikitumaini ataniambia tufanyeje. Alikitazama kwa makini, uso ukamchangamka, akafungua kiganja na kunionyesha chake. Nacho kilikuwa 7. "Nana, nana," akasema, yaani saba, saba, akitugusa mikono kwa zamu kama watu waliogundua kuwa ni ndugu. Nikahitimisha kwamba mashine imetoa kiti kimoja kwa watu wawili, na kwamba mwenzangu amelipokea tatizo hilo kwa moyo mkubwa ajabu. Nikabaki nimesimama.

Juu ya kichwa cha dereva palikuwa na ubao wa taa wenye namba kuanzia 1, na chini ya kila namba kiasi cha fedha. Chini ya 7 paliandikwa 210. Tulipopita kituo kimoja ikageuka 230, na kituo kilichofuata ikawa 260. Nilipoona namba 1 imeshazidi yen 500 nilielewa, kwa mantiki niliyokuwa nayo, kwamba viti vya mbele ni vya gharama zaidi, na kwamba kiti namba 7 kinapanda bei kila tunapokwenda. Nilimwonea huruma bibi wa watu. Alikuwa ameketi kwenye kiti kinachozidi kuwa ghali naye hana habari, ametazama dirishani akitabasamu. Ikifika 340 nikaamua kwamba mwisho wa safari nitachangia nusu, kwa kuwa kiti kilikuwa chetu sote.

Tulishukia kituo kimoja. Nilimpa ishara anitangulie, na nilipokuwa ninatafuta namna ya kumwambia kwamba nitamsaidia, aliangalia ubao, akahesabu sarafu za yen 370, akazitia pamoja na kikaratasi katika sanduku lililo kando ya dereva, akashuka. Dereva akaninyoshea mkono kwenye ubao, kwenye 7 yangu, na kwenye sanduku. Mimi nilikuwa na noti ya yen 1,000 tu, naye akanionyesha tundu la pembeni ambalo humeza noti na kutema sarafu. Chenji hutafutwa hapo kwanza, ndipo unapotia nauli kamili ndani ya sanduku. Nilitia 370 nikabaki nimeduwaa: ikiwa wote wawili tumelipa kiti kizima, basi aliyesimama njia nzima alilipia nini?

Nilipata jibu kwenye ubao wa kituo. Namba ile hutaja kituo ulichopandia. Nauli hupanda kadiri unavyokwenda mbali, na wote waliopanda mahali pamoja huwa na namba moja. Bibi alikuwa akiniambia kwa uchangamfu kwamba tumetoka mahali pamoja.

Siku ya 8

Jana usiku nilijaribu kuiandika hadithi ya basi mara mbili, na rasimu ya kwanza ilikuwa mbaya kwa namna inayofaa kuangaliwa. Ndani yake bibi alikuwa kichekesho: nilimpa sauti ya kuchezacheza na nikaufanya ukarimu wake uonekane kama upungufu wa akili. Niliposoma asubuhi niliona aibu.

Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, katika makala yake ya mwaka 1960 kuhusu mshtuko wa utamaduni, alieleza kwamba mshtuko huu hutokana na wasiwasi wa kupoteza alama zote tulizozizoea katika kuishi na watu: namna ya kusalimu, wakati wa kukubali na wakati wa kukataa. Alizitaja dalili zake, ikiwamo kunawa mikono kupita kiasi. Lakini kilichonigusa ni maelezo yake juu ya hatua ya kupona, kwamba mgeni katika hatua hiyo huanza kutania badala ya kulaumu, ila mara nyingi huwa bado anajiona yuko juu ya wenyeji. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa imesimama hapo hasa: utani umekuja, na kujiona juu hakujaondoka.

Katika rasimu ya pili sikubadilisha tukio lolote. Nilichofanya ni kuhakikisha kwamba kila mmoja wetu, kwa kile alichokijua, anatenda kwa akili timamu. Mimi nina kikaratasi chenye namba na basi lina viti. Yeye anaona mgeni aliyepandia kituo chake akimwonyesha namba kwa tabasamu. Hakuna anayekosea hatua hata moja, na bado tunafika mahali ambapo ninataka kumchangia bibi nauli ya kiti ambacho hakikuwa changu wala chake. Kicheko kikitoka hapo, kinatoka katikati yetu.

Siku ya 9

Kazi nyingi, hakuna la kuandika. Asubuhi fundi amekuja na kuingia chini ya meza yangu, akafungua kisanduku cha waya za simu, akapima, akaandika, akaondoka akionekana hajaridhika.

Siku ya 10

Leo nina tukio ambalo sitalifanya hadithi. Niliwasilisha pendekezo la kupanga upya rafu za vipuri mbele ya watu wanne wa idara nyingine, nao waliitikia "hai, hai" katika kila sentensi yangu. Licha ya somo la aizuchi nililolipata siku ya 5, masikio yangu yalihesabu "ndiyo" zaidi ya thelathini. Mwishoni mkuu wao alisema "kento shimasu", yaani tutalitafakari, nami nikauliza palepale tuanze tarehe gani. Kijana mmoja upande wao, aliyeniunga mkono tangu mwanzo, akainamisha uso na masikio yakamwiva. Senpai ameniambia baadaye kwamba maneno yale katika kikao cha namna hii mara nyingi ndiyo kukataa kwenyewe, na kwamba kwa kuulizia tarehe nilimlazimisha mkuu akatae mara ya pili, waziwazi, mbele ya mtu aliyeliunga mkono jambo hilo.

Mistari yote mitatu imejaa, na kwa umbo hadithi ipo. Lakini kuna mtu aliyeumia, naye bado anakutana na wale watatu kila siku. Kwenye basi na dukani aliyepata hasara alikuwa mimi, tena hasara ya vijiti na miguu kuchoka. Huwa naangalia kama yule wa upande wa pili angeweza kuketi mezani wakati ninasimulia, na kijana huyu nisingependa awepo. Nimempelekea ujumbe wa kumwomba radhi na nimeufunga ukurasa.

Siku ya 12

Jioni tulikuwa watu sita mezani, nami nikaisimulia upya ile ya dukani. Safari hii nilianza na fahari yangu ya kuwa na neno moja nililolijua barabara. Nikaigiza sauti ya keshia kwa upole uleule aliokuwa nao, kwa sababu upole wake ndio unaoijenga dhana kwamba ananionea: mtu anayeuliza kwa ukali asingemshangaza yeyote kwa kutokupa vijiti. Maswali niliyatamka kwa Kijapani bila kuyatafsiri. Wasikilizaji wenyeji waliyaelewa kabla yangu, na hilo sikulitarajia. Swali la kwanza nilipojibu "daijobu" walitabasamu, la pili mmoja akashika kichwa, la tatu, la vijiti, walikuwa wanapaza sauti kunizuia, "Usiseme! Usiseme!" Nikasema. Sikuhitaji kuongeza kitu zaidi ya kulifungua boksi la hewani, kutazama kulia na kushoto, na kumwonyesha Senpai mikono yangu miwili mitupu.

Nimejifunza kwamba hadithi hiyohiyo hugeuka kulingana na anayeisikia. Kwa wasiojua Kijapani boksi baridi linakuja kwa mshangao. Kwa wanaokijua linakuja kwa kungoja, kwa sababu wanaliona linakaribia nami siwezi kulikwepa. Maswali lazima yabaki matatu. Siku ya pili ya tukio, niliporudia yaleyale, nimeiondoa kabisa, ingawa ni ya kweli, kwa kuwa inawafikisha watu kwenye boksi mara mbili.

Siku ya 14

Chakula cha kuagana. Yule mzee wa ghala alikuwapo, ameketi mkabala nami, kwa hiyo nilimwomba ruhusa kwanza ndipo nikasimulia habari ya simu: heshima yangu, ukimya wangu, "moshi moshi" ya kwanza, ya pili, ya tatu, na yeye kuingia akitweta na karatasi. Watu walicheka, yeye zaidi ya wote, hata akafuta macho kwa kitambaa. Nilidhani nimemaliza.

Mzee akaweka kikombe chini. "Lakini mimi," akasema, "siku ile nilijaza fomu ya kuharibika kwa laini."

Meza ikanyamaza. Mimi nikakumbuka miguu miwili iliyochomoza chini ya meza yangu siku ya 9.

"Fundi aliniletea majibu," mzee akaendelea kwa uzito wa mtu anayetoa taarifa ya kazi. "Aliandika kwamba simu ni nzima, waya ni mzima, na kwamba hakuwahi kukutana na laini safi namna hii, kwa maana hata pumzi ya mtu haisikiki."

Senpai hakuuliza ochi iko wapi.